Hadithi ya Zawadi na mbwa Simba: kichocheo asilia hapa ni kipi? Darasa limegawanyika

#1 Chaki Nyeupe
Habari za jioni wakuu. Nafundisha saikolojia ya elimu chuo cha ualimu, ngazi ya cheti. Mada ya Pavlov, ile ya kujifunza kwa kuunganisha kichocheo kimoja na kingine, huwa inawapiga chenga wanachuo wangu. Mifano ya vitabuni ni ya mbwa anayedondosha mate akisikia kengele iliyozoea kutangulia chakula, wanaikariri, mtihani ukigeuza kidogo wanapotea. Nikaona nitunge kahadithi kafupi ka mazingira yetu. Haka hapa:

*Zawadi ana miaka minne. Kila asubuhi huongozana na mama yake kwenda gengeni kununua maandazi, na njiani hupita kwa Mzee Komba mwenye mbwa mkubwa mweusi aitwaye Simba. Zawadi anampenda Simba. Humrushia kipande cha andazi, naye Simba hutikisa mkia.*

*Siku moja Zawadi alikuwa ameinama kando ya ukuta akiokota vizibo vya soda. Ghafla akasikia mbweko mkali nyuma ya sikio lake. Alishtuka, akaanguka, goti likachubuka kwenye kokoto. Mama yake akapiga yowe. Zawadi alipogeuka akamwona Simba amesimama, mnyororo umekatika.*

*Tangu siku hiyo akimwona Simba hata kwa mbali hulia na kutetemeka. Wiki iliyofuata akamlilia mbwa wa dukani, kadogo, keupe, kasiko na neno na mtu. Kisha akamkimbia mbuzi wa jirani. Mama akaamua wapite njia ya kisimani. Mwaka ukaisha bila Zawadi kukutana na Simba, lakini hofu haikuisha.*

Swali linasema: taja kichocheo asilia, mwitiko asilia, kichocheo kilichofunzwa na mwitiko uliofunzwa. Mwongozo wangu wa kusahihisha unasema kichocheo asilia ni Simba. Nusu ya darasa imegoma, mmoja kaniambia kabisa "mwalimu, hapa umetuonea". Wataalamu mnasemaje?

#2 Sokomoko
Nakaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Kipanga wa Ziwa
Mwalimu uko sahihi, usiyumbishwe na watoto. Mbwa ni mnyama mwenye meno, binadamu kaumbwa amwogope. Kwa hiyo Simba ni asilia, hofu ni asilia, mchezo umeisha. Pavlov mwenyewe alipewa Nobeli kwa hiyo kengele yake na mbwa. Na yule mtoto Albert wa Marekani waliyemtisha na panya aliogopa panya mpaka anaingia kaburini. Mambo yako wazi.

#4 Kaditama
Kipanga, umepiga mawe matatu na yote yamekosa embe.

Nobeli ya Pavlov ilikuwa mwaka 1904, na alipewa kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, tezi za mate na tumbo. Habari ya mbwa kudondosha mate kabla hawajapewa chakula aliifuatilia kwa kina baada ya hapo. Kengele ndiyo iliyopata jina mitaani, lakini maabara yake ilitumia ishara nyingi, mojawapo ni metronomu, kale kadude ka kupiga mapigo ya muziki.

Albert naye hakuna aliyemfuatilia. Watson na Rayner, wanasaikolojia waliomfanyia jaribio hilo, walichapisha kazi yao mwaka 1920. Mama yake akamwondoa hospitalini kabla hawajajaribu kumtoa ile hofu, na mpaka leo watu wanabishana alikuwa mtoto wa nani. Aliishi vipi na panya huko ukubwani, hatujui.

La tatu ndilo swali la mleta uzi. Mwalimu, soma aya yako ya kwanza. Zawadi anampenda Simba, anamrushia andazi. Kama Simba angekuwa kichocheo asilia cha hofu, mtoto angelia siku ya kwanza kabisa. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba Simba hamtishi. Kinachomshtua mtoto bila kufundishwa na mtu ni ule mlio wa ghafla sikioni, pamoja na maumivu ya goti. Simba ndiye kichocheo kilichofunzwa, yaani kile alichojifunza kukiogopa baadaye. Wanachuo wako waliogoma wapewe alama zao.

#5 Mama Kulwa
Jamani huyo mtoto goti lilioshwa kweli? Na je, mbwa alimng'ata? Maana naona mnajadili vichocheo, hakuna anayeuliza kichaa cha mbwa.

#6 Sokomoko
Mama Kulwa hadithi ya kutunga hiyo 😂 Zawadi hayupo.

#7 Mganga wa Mifugo
Hata kama hayupo, Mama Kulwa kauliza la maana, na humu wanasoma watu wenye watoto halisi. Akichubuka kwa kokoto tu bila jino wala mate ya mbwa kugusa kidonda, osha kama kidonda kingine. Akiumwa, au mbwa akilamba penye mchubuko, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, kupona ni kama hakupo. Basi, rudini kwa Pavlov wenu.

#8 Chaki Nyeupe
Nashukuru Kaditama, lakini sijaridhika. Siku ya tukio Simba ndiye aliyebweka. Mbweko haukutoka kwenye redio. Utamtenganishaje mbwa na mbweko wake? Mwanachuo akiandika "Simba aliyebweka" nimpe alama au nimnyime?

#9 Kaditama
Hapo ndipo penye utamu, na ndiyo maana mfano wa mbwa ni mgumu kuliko ule wa kengele. Kwa Pavlov chakula na kengele ni vitu viwili mbalimbali, unaviona mezani. Kwa Simba mwili ni mmoja, ila unatoa vichocheo vingi: umbo lake, rangi, harufu, mnyororo unaolia, na sauti. Tenganisha kwa kuuliza kipi kilikuwa na nguvu juu ya mtoto KABLA ya siku hiyo. Umbo la Simba halikuwa nayo. Mlio mkali wa ghafla ulikuwa nayo, hata mtoto mchanga wa wiki chache anashtuka mlango ukibamizwa. "Simba aliyebweka" ni jibu la kukwepa, kama mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi akajibu iko kwenye mchuzi. Mimi ningempa nusu.

Angalia Watson alivyofanya. Albert alipokuwa na kama miezi tisa walimwonyesha panya mweupe, sungura, mbwa, nyani, hata magazeti yanayowaka moto. Hakuogopa kimoja. Na siku nyingine wakapiga nyundo kwenye chuma kirefu nyuma ya kichwa chake, akashtuka na kulia. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote walishajua panya ni bure, chuma ni kichungu. Alipofika miezi 11 ndipo wakaviweka pamoja: mkono wa mtoto unapogusa panya, chuma kinalia. Mara mbili siku ya kwanza, mara tano baada ya wiki moja. Kisha panya peke yake akatosha kumliza.

Sasa linganisha na aya yako ya pili, mwalimu. Kuna kosa kubwa kuliko la mwongozo wa kusahihisha, na bado hakuna aliyelitaja.

#10 Sokomoko
Mkuu usitukatie umeme hapo penye utamu. Kosa gani?

#11 Nyota ya Jaha
Nadhani nimeliona. Mfuatano. Kwenye hadithi mbweko umeanza, Simba kaonekana baadaye. Zawadi ameinama, hamwoni mbwa. Anasikia, anaanguka, anaumia, mama anapiga yowe, ndiyo anageuka. Kwa Albert panya alitangulia, chuma kikafuata.

#12 Kaditama
Nyota ya Jaha kapata. Ishara hufanya kazi ya ishara ikitangulia jambo lenyewe. Wingu kwanza, mvua baadaye. Ukimpa mbwa chakula kwanza halafu ukapiga kengele anapomaliza kula, ile kengele hujifunza kidogo sana au haijifunzi kabisa, maana haitabiri chochote. Ukifuata hadithi ilivyo sasa, vilivyotangulia mbweko ni ukuta na vizibo vya soda. Kwa haki kabisa Zawadi alipaswa kuogopa vizibo.

#13 Sokomoko
😂😂😂 Hadithi ya mtoto aliyejifunza kuogopa Fanta.

#14 Kipanga wa Ziwa
Mnacheka lakini mmejikaanga wenyewe. Kama mtoto halisi angepitia hayo angeogopa MBWA, si vizibo, na kila mzazi humu anajua hivyo. Sasa kwa nini, kama si kwamba mbwa ana kitu cha kuzaliwa nacho? Nobeli nimekubali. Hili sikubali.

#15 Kaditama
Kipanga, safari hii una nusu ya haki, na ni nusu nzito. Mwanasaikolojia Seligman mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitoa hoja inayofanana na yako: hatuzaliwi na hofu ya nyoka au buibui, tunazaliwa na wepesi wa kujifunza kuviogopa. Baadaye Mineka na wenzake walifanya jaribio na nyani aina ya rhesus waliolelewa maabara, ambao hawakuwa na hofu ya nyoka. Waliwaonyesha video za nyani mwenzao akiogopa nyoka wa bandia, wakajifunza kuogopa. Wakaonyeshwa video zilizounganishwa ili nyani yuleyule aonekane anaogopa maua, hawakujifunza kuogopa maua. Kwa hiyo inawezekana kwamba mtoto aliyeshtuka, akageuka na kukutana na meno, humbandikia mbwa lawama haraka kuliko angembandikia kizibo. Kama mbwa yumo kwenye orodha hiyo pamoja na nyoka, hapo wanabishana. Lakini wepesi wa kujifunza bado ni kujifunza. Simba habadiliki kuwa asilia.

#16 Mama Kulwa
Nyani wameona video tu na wakaogopa? Basi hilo ndilo la kwangu. Mwanangu wa pili hajawahi kubwekewa wala kuumwa. Mimi ndiye ninayeogopa mbwa tangu utotoni. Tukitembea nikimwona mbwa kwa mbele namvuta mkono kwa nguvu, na nadhani pumzi yangu anaisikia. Alipofika miaka mitatu akawa ananiwahi yeye: "Mama, mbwa!" na tayari kanishika sketi. Sijamfundisha kwa maneno hata siku moja. Sasa kwenye hadithi yenu, mama alipiga yowe. Mbona hilo yowe mmeliruka kama halipo?

#17 Nyota ya Jaha
Mama Kulwa umefungua mlango mwingine. Ondoa yowe la mama kwenye hadithi, je, Zawadi angeogopa? Watoto wangapi wanabwekewa, wanaanguka, wanajifuta vumbi wanaendelea kucheza? Wakati mwingine mtoto hulia baada ya kutazama uso wa mama yake, si baada ya kuanguka.

#18 Mombasa Raha
Salaam kutoka Kisauni. Mimi naona mnasahau njia ya tatu: maneno. Huku mageti mengi yana kibao "MBWA KALI". Binti ya dada yangu alikuwa akipita kwenye geti moja kila siku akiimba. Alipojua kusoma, akasoma kibao, toka siku hiyo anavuka upande wa pili wa barabara. Na mbwa mwenyewe wa geti hilo hajawahi kuonekana! Naambiwa alikufa zamani. Hapo mlio uko wapi, goti liko wapi?

#19 Makunduchi Mwema
Asalaam aleykum. Na sisi Unguja tuseme letu. Mtoto huku hulelewa akijua mate ya mbwa ni najisi, yakimgusa ni kuosha mara saba na moja kwa udongo. Kwa hivyo utaona mtoto anamkimbia mbwa, wageni husema watoto wa pwani waoga wa mbwa. Si uoga huo. Ni kujihifadhi na twahara. Hadithi ya mwalimu ingesomwa kwetu, mtihani mzima ungepotea, maana Zawadi wa Makunduchi asingempa mbwa andazi, na mama yake angempigia kelele akimsogelea kabla mbwa hajafungua mdomo.

#20 Kipanga wa Ziwa
Lakini anakimbia. Akikimbia si anaogopa?

#21 Makunduchi Mwema
La, ndugu yangu. Mtazame vizuri. Anayechelea najisi anakunja kanzu, anapisha, anaendelea na maneno yake, na mbwa akiwa ng'ambo ya ua hana habari naye. Anayeogopa hata mbwa akiwa amefungwa ng'ambo ya ua anatokwa jasho. Mie nimelea wote wawili nyumba moja.

#22 Kaditama
Makunduchi, hiki ni kipimo kizuri kuliko vingi nilivyoona vitabuni. Kukwepa peke yake hakutoshi kuthibitisha hofu. Lazima uone mwili: kilio, kutetemeka, moyo kwenda mbio, na vitokee hata hatari ikiwa haifiki. Mwalimu kaandika "hulia na kutetemeka", hapo kafanya vyema.

Njia tatu mlizozitaja (kupatwa mwenyewe, kumwona mwenzio akiogopa, kuambiwa) ndizo Rachman alizoziweka mezani mwaka 1977, kwa sababu alichoka kusikia kila hofu ikielezwa kwa Pavlov peke yake. Kuna utafiti wa DiNardo na wenzake wa mwaka 1988 kuhusu watu wanaoogopa mbwa na wasioogopa. Walioogopa wengi waliwahi kuumwa au kutishwa na mbwa. Lakini wasioogopa nao wengi waliwahi kupatwa na mambo yaleyale! Tofauti ilikuwa katika matarajio: wenye hofu waliamini wakikutana na mbwa wataumizwa. Kwa hiyo tukio moja halielezi kila kitu.

Ndiyo maana sipendi sana aya ya kwanza, ile ya maandazi. Najua mwalimu kaiweka ili kuonyesha Simba alikuwa hana maana yoyote kwa mtoto. Lakini kapitiliza. Mtoto aliyekaa na mbwa siku nyingi bila baya huwa mgumu kufundika hofu kwa tukio moja. Lubow alilionyesha hilo kwa wanyama tangu 1959: ishara uliyoizoea bure bure inachelewa kupata maana mpya. Na Simba hakuwa bure tu, alikuwa rafiki. Zawadi wa kweli mwenye urafiki huo angeweza kulia siku hiyo, kesho akadai andazi la Simba.

#23 Chaki Nyeupe
Sasa mnanivuruga. Nisipoonyesha kwamba alimpenda, mwanachuo atajuaje Simba hakuwa wa kuogopwa tangu mwanzo? Nikionyesha, mnasema nimemzoesha mno.

#24 Nyota ya Jaha
Mwonyeshe mara moja tu. Familia imehamia jana. Zawadi anamwona Simba kwa mara ya kwanza, anatazama, anamnyooshea kidole, "Mama, lile kubwa!", anasogea. Hapo umethibitisha haogopi bila kumpa mwaka wa urafiki.

#25 Mganga wa Mifugo
Naomba niwatetee na mbwa. Simba wa mnyororo, usiku na mchana amefungwa sehemu moja, ndiye huyo huyo mnayemsema anatikisa mkia kwa andazi? Mbwa wa mnyororo mara nyingi ndiye mkali. Na mtoto wa miaka minne akisogea ana tabia ya kumtazama mbwa machoni, uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Mkitaka mbweko uwe wa kweli, Zawadi asogelee Simba akiwa anakula. Mbwa anayekula akisogelewa hubweka bila kuulizwa, na hapo mtoto atakuwa amemwona KABLA ya sauti, mnavyotaka.

#26 Sokomoko
Uzi wa saikolojia umegeuka kikao cha waandishi wa filamu. Nani anaigiza Simba?

#27 Ngosha Mtulivu
Nimesoma uzi wote, naona mmemaliza nusu ya kwanza ya hadithi na kusahau aya ya mwisho, na hiyo ndiyo inayonisumbua. Mimi nilifanya kazi kituo cha watoto miaka ya nyuma. "Mama akaamua wapite njia ya kisimani." "Mwaka ukaisha, hofu haikuisha." Kwa Pavlov mtupu, hofu ingepaswa kupungua kila Zawadi anapomwona Simba bila mbweko. Lakini hamwoni! Njia ya kisimani imemnyima nafasi ya kujua kwamba Simba wa leo habweki. Na kila wakikata kona, kifua kinatulia, ule utulivu ndio unaomfundisha kukata kona tena kesho. Hilo si Pavlov, hilo ni somo la tuzo. Mowrer aliliunganisha hivyo mwaka 1947: hofu inaingia kwa njia ya Pavlov, inakaa kwa njia ya kukwepa. Kwa hiyo hadithi ya mwalimu ina nadharia mbili na swali lake linauliza moja.

#28 Kipanga wa Ziwa
Na mbuzi? Huyo naye aliingiaje?

#29 Ngosha Mtulivu
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu husambaa kwa kinachofanana. Albert baada ya panya alimlilia sungura, mbwa, na koti la manyoya, hata kinyago cha Baba Krismasi kilimsumbua. Lakini alipopewa vibao vyake vya kuchezea alicheza vizuri, na hicho kipande ndicho watu wanakisahau. Bila vibao usingejua kama anaogopa manyoya au siku hiyo ana homa tu na analilia kila kitu. Mwalimu, mpe Zawadi kitu asichokiogopa. Kuku apite, Zawadi amfukuze akicheka. Hapo msomaji ataona hofu imefuata miguu minne na manyoya, haikumfanya mtoto kuwa mlialiaji.

#30 Mama Kulwa
Ngosha, kwa hiyo mimi ninayekwepa njia zenye mbwa namlinda mwanangu au namharibu? Nisaidie, sihitaji nadharia.

#31 Ngosha Mtulivu
Mama, siwezi kukupimia mtoto kupitia simu, ila nitakueleza kilichowahi kufanyika. Mary Cover Jones aliandika mwaka 1924 kuhusu mtoto aliyemwita Peter, hajafikisha miaka mitatu kazi ilipoanza, anaogopa sungura. Walimkalisha kwenye kiti anakula chakula anachokipenda, sungura akiwa kwenye tundu mbali kabisa, mahali ambapo mtoto anamwona lakini haachi kula. Siku baada ya siku tundu likasogezwa. Pia walikuwa wakimchanganya na watoto wasioogopa. Mwishoni mtoto alimwacha sungura amtafune vidole polepole.

Siri ni umbali. Mtoto akiacha kutafuna, umesogea mno, rudi nyuma. Jones mwenyewe alionya kwamba ukiharakisha, badala ya sungura kupata utamu wa chakula, chakula kinapata uchungu wa sungura. Kwa hiyo usimburute mwanao akamguse mbwa ili "azoee". Anza na mbwa mtulivu aliyefungwa ng'ambo ya uwanja, wewe mwenyewe ukae umetulia au mpeleke na shangazi asiyeogopa. Na akizidi kuteseka, mwone mtaalamu.

#32 Kaditama
Naongeza kipande kimoja cha Peter ambacho kinahusu uzi huu moja kwa moja. Katikati ya kazi aliugua, akalazwa karibu miezi miwili. Alipokuwa anatoka hospitali na nesi wake, mbwa mkubwa akawarukia mlangoni. Wote wawili waliogopa sana. Aliporudi kwenye sungura, hofu ilikuwa imerudi karibu pale ilipoanzia. Mbwa ndiye aliyeruka, sungura ndiye aliyelipa.

#33 Mombasa Raha
"Wote wawili waliogopa." Nesi pia. Tumerudi kwenye yowe la Mama Kulwa.

#34 Nyota ya Jaha
Nami ndipo nilipokwama. Kaditama, yowe la mama tuliweke sanduku gani? Ni kichocheo asilia kwa sababu ni sauti kali? Au mtoto alishajifunza zamani kwamba mama akipiga yowe kuna baya, yaani yowe lenyewe ni kichocheo kilichofunzwa kinachofundisha kingine?

#35 Kaditama
Yote mawili yanawezekana na kwenye hadithi hii huwezi kuyatenganisha. Kama ni sauti tu, basi hata muuza samaki akipiga kelele angemwogopesha. Kama ni maana, basi tuko daraja la pili, ishara imejengwa juu ya ishara, na Pavlov aliliona hilo kwa mbwa wake, ingawa daraja hilo lilikuwa dhaifu. Ngosha pengine atasema ni la Mineka, kumwona mwenzio akiogopa. Kwa mtihani wa ngazi ya cheti mimi ningelifuta yowe.

#36 Mama Kulwa
Msilifute. Mama gani ataona mbwa kamvamia mwanawe anyamaze? Hadithi itakuwa ya uongo.

#37 Makunduchi Mwema
Na andazi lifutwe 😀

#38 Chaki Nyeupe
Asanteni wote. Nimekaa na kalamu, jaribio la pili hili:

*Familia ya Zawadi, miaka minne, imehamia jana. Asubuhi Zawadi anamwona Simba kwa mara ya kwanza, amefungwa chini ya mwembe, anakula. "Mama, lile kubwa!" anasema akicheka, anasogea, ananyoosha mkono. Simba anabweka usoni kwake. Zawadi anaruka nyuma, anaanguka, goti linachubuka, analia. Siku tatu baadaye anapita na kaka yake. Simba amelala, kimya. Zawadi anamwona tu, anaanza kulia. Jioni mbuzi mweusi anapita, Zawadi anajificha nyuma ya mlango. Kuku anapita, Zawadi anamfukuza.*

Njia ya kisimani nimeihamishia kwenye swali la pili, la tuzo na adhabu. Mama nimemweka jikoni, hakuona.

#39 Kipanga wa Ziwa
Hapo mwalimu umetisha. Ila bado nasema usingeweza kuandika hadithi hii na kizibo cha soda badala ya mbwa.

#40 Nyota ya Jaha
Goti bado lipo na mbweko bado upo. Mwanachuo akiandika kichocheo asilia ni maumivu ya goti, utampa? Maumivu yamekuja baada ya mtoto kuruka, yaani baada ya mwitiko kuanza.

#41 Chaki Nyeupe
...Nitampa.

#42 Kaditama
Mimi nisingempa alama zote. Mbweko ulishafanya kazi kabla goti halijagusa chini.

#43 Ngosha Mtulivu
Nami ningempa zote, maana kesho yake kidonda ndicho kinachouma, si mbweko. Lakini mwalimu, usipange mtihani kabla hujaamua, maana yule mwanachuo wa "umetuonea" atarudi.